Namna ya Kumwandikia Mwenye Nyumba Kuhusu Kufuli la Geti la Nyuma

Hatua ya kwanza ya barua hii haihitaji kalamu. Subiri saa nane za usiku, jengo zima likiwa limelala. Zima tochi ya simu, weka mkono mmoja ukutani, kisha shuka ngazi kutoka mlangoni kwako mpaka chini. Kila utakachojikwaa nacho kikumbuke: kiko ghorofa ya ngapi, ni nini, ni cha nani. Ukifika chini usielekee mlango wa mbele uliouzoea. Nenda kwenye geti la nyuma, lile linalotokea uchochoroni, ulisukume. Likifunguka, mwongozo huu mpe jirani wa jengo la pili. Likigoma kwa mnyororo na kufuli, rudi ulale, maana kesho una kazi.

Nasema na mpangaji wa jengo la aina moja, lile ambalo Kariakoo na mitaa ya jirani yake limejaa tele: ghorofa nne, chini fremu za maduka, juu nyumba za kupanga, na katikati ngazi moja inayotumiwa na wote. Chini kabisa ngazi hiyo ina njia mbili za kutokea. Moja inapita ubavuni mwa maduka hadi barabarani, nyingine inakwenda nyuma. Mchoraji aliyeweka njia mbili alikuwa na sababu. Duka likishika moto, njia ya mbele ndiyo inayojaa moshi na miali kwanza, na wa juu wanabaki na geti la nyuma peke yake. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, saa ambazo wafanyabiashara walikuwa wameshafunga. Usiku ndio wakati ambao mwenye fremu yuko kwake Mbagala au Tegeta, na wewe uko juu ya duka lake umelala. Usiku huohuo ndio geti la nyuma linapofungwa.

Kuna jambo moja ni lazima ulielewe vizuri kabla hujaandika, kwa sababu mwenye nyumba atakuuliza. Watu wengi wanaokufa kwenye moto wa nyumba hawafi kwa kuungua. Wanakufa kwa moshi. Nguo zilizobanwa kwenye robota, magodoro ya sponji na katoni za plastiki hutoa moshi mzito wenye sumu hata kabla moto haujaonekana, na ngazi iliyo wazi toka chini mpaka juu inakuwa bomba la kuupandisha. Moshi ule unapanda haraka kuliko mtu anavyoweza kupanda. Kwa hiyo anayesema "wakiona moto wataniita nije nifungue" hajui anachokisema. Mtu aliyeko ghorofa ya tatu hana muda wa kusubiri mwenye ufunguo. Ana muda wa kushuka tu, akiwa amewahi kuamka, ngazi iwe tupu na geti lifunguke.

Sasa kalamu. Barua za wapangaji huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya adabu iliyopitiliza: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima, pia nakupongeza kwa malezi yako mema kwetu sisi wapangaji wako." Mwenye nyumba anasoma mistari minane ya baraka, anafurahi, anaikunja barua na kuitia mfukoni kabla hajafika kwenye kufuli. Ya pili ni ya hasira: "Unataka kutuua, tutakufikisha mbali." Hiyo anaisoma yote, kisha anamtafuta aliyeiandika. Barua yako imsalimu mzee wa watu, halafu kwenye sentensi ya pili iseme unachotaka.

Lakini kabla ya sentensi hiyo kuna ndoo yako. Kwenye kila ngazi niliyowahi kuona mizigo ya mwenye duka, nimeona pia jiko la mkaa la mpangaji, ndoo za maji, rafu ya viatu, na kabati bovu linalosubiri fundi tangu mwaka juzi. Ukipiga picha ya marobota na jiko lako likaonekana kwenye kona, mwenye nyumba ataliona jiko tu. Zaidi ya hapo, jiko lako linamwangusha mtu gizani sawasawa na robota la mwenzako. Kaeni kikao kifupi, kila nyumba itoe vyake kwa tarehe mtakayokubaliana, na mitungi ya gesi isiachwe hapo hata kidogo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka ngazi na kujikusanya chini, palepale penye mita za Luku na pikipiki.

Baada ya hapo chukua futi ya fundi na upime. Pima upana wa ngazi ukutani kwa ukutani, kisha pima nafasi iliyobaki baada ya mzigo. Namba mbili hizo zina nguvu kuliko ukurasa mzima wa malalamiko, kwa sababu mwenye nyumba hawezi kubishana na futi. Piga picha ya kila kizuizi mara mbili, mchana na usiku, na picha ya kufuli ipigwe usiku geti likiwa limefungwa. Ya mchana itaonyesha geti wazi na atakwambia mbona liko wazi. Uliza pia, kwa upole, mzigo ni wa nani na kama analipia nafasi ile. Hapa ndipo mambo mengi hujulikana. Mara nyingi pale ngazi inapokata kona pamekuwa stoo ya duka, na mwenye fremu anaongeza kitu kidogo kwenye kodi yake. Kama ni hivyo, unapomwomba mwenye nyumba aondoe mzigo unamwomba aache pesa, na ni vizuri kulijua hilo ili usishangae akichelewa kujibu.

Jengo letu la mfano lina nyumba kumi na mbili. Barua yao inaweza kuwa hivi:

"YAH: KITASA CHA GETI LA NYUMA NA KUONDOLEWA KWA MIZIGO KWENYE NGAZI

Shikamoo Mzee.

Sisi wapangaji wako wa ghorofa ya kwanza hadi ya nne tunakuomba mambo mawili. La kwanza, kufuli na mnyororo wa geti la nyuma viondolewe, na mahali pake pawekwe kitasa kinachofunguka kwa ndani bila ufunguo. La pili, marobota yaliyopo kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, pamoja na katoni na pikipiki zilizopo chini ya ngazi, vitolewe nje ya eneo lote la ngazi. Tunaomba yote mawili yawe yamekamilika kufikia tarehe 14 mwezi huu. Kuanzia usiku wa leo mpaka kitasa kipya kifungwe, tunaomba kila nyumba iwe na nakala ya ufunguo wa kufuli lililopo.

Ngazi ina upana wa sentimita 120. Marobota yamechukua sentimita 75. Zimebaki 45, na mtu mzima hapiti bila kugeuka ubavu. Geti hufungwa kila siku saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na ufunguo anao mlinzi anayekaa upande wa mbele. Maduka yakishika moto, upande huo ndio utakaoziba kwanza. Juu kuna watoto, na kuna bibi wa ghorofa ya tatu asiyeweza kushuka bila kushikwa mkono.

Tunajua geti linafungwa kwa sababu ya wezi, na sisi pia hatuwataki. Tumemwita fundi wa kuchomelea akaliangalia. Bei yake na picha za ngazi tumeziambatanisha. Vyombo vyetu wenyewe vilivyokuwa kwenye ngazi tumeviondoa tarehe 6.

Tunaomba jibu kwa maandishi, au tukutane nawe hapa nyumbani Jumapili."

Tazama maneno "eneo lote la ngazi". Yasipokuwepo, utaona ninachokisema wiki hiyohiyo: vijana wa dukani watashusha marobota kutoka juu na kuyapanga chini ya ngazi, kisha mwenye nyumba atakupigia simu kwamba kazi imekwisha. Chini ya ngazi ni pabaya zaidi kuliko pale yalipokuwa. Mara nyingi ndipo zilipofungwa mita za Luku za nyumba zote, na waya uliolegea ukianza kuchemka nyuma ya mita, kitu cha kwanza kushika moto ni kile kilichoegemezwa ukutani. Pikipiki nayo ina petroli kwenye tangi. Moto ukianzia hapo, hakuna ghorofa yenye ngazi salama, hata kama ngazi zenyewe ni tupu kama siku jengo lilipokabidhiwa.

Tazama pia ombi la nakala za ufunguo. Ni la siku chache tu na barua inasema hivyo waziwazi, kwa sababu wenye nyumba wengi watalipenda hilo na kuliacha liwe la kudumu. Fundi wa funguo anachonga nakala kumi na mbili kwa asubuhi moja, ni rahisi. Lakini ufunguo haufungui geti. Anayefungua ni mtu, na mtu huyo anaweza kuwa mtoto wa miaka tisa, anakohoa, haoni mkono wake mwenyewe, anapapasa tundu la kufuli linaloning'inia upande wa nje wa nondo. Kuutundika ufunguo ukutani karibu na geti hakusaidii. Utaazimwa siku ya kwanza na siku ya pili hautakuwepo.

Usidhani natia chumvi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, huko Machakos nchini Kenya, liliungua na wanafunzi 67 wakafa. Bweni lile lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso katikati ya Johannesburg, ghorofa zilizojaa wapangaji maskini na wahamiaji, liliungua usiku na kuua watu 76. Miongoni mwa mambo waokoaji waliyoyaeleza ni geti lililofungwa, na watu waliokwama nyuma yake. Mwenye nyumba akisema "tangu nijenge hapa hapajawahi kuungua", anasema kweli, na ukweli huo ungeweza kusemwa Kyanguli tarehe 25 Machi.

Sasa wizi. Hapa nataka ukae sana, kwa sababu hoja ya wizi ndiyo hoja halisi ya mwenye nyumba, na barua nyingi zinaipita kana kwamba haipo. Mzee yule hakununua mnyororo kwa ubaya. Uchochoro wa nyuma una watu wake, na kuna usiku ambao mtu aliingia na kuondoka na betri ya gari au nguo zilizoanikwa. Ukimwambia afungue geti, anamwona mwizi yule. Kwa hiyo barua imwonyeshe geti linalomzuia aliyeko nje na kumwachia aliyeko ndani. Vitasa vya namna hiyo vipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi: nje tundu la ufunguo, ndani kishikio cha kugeuza kwa vidole. Geti linajifunga lenyewe likirudishwa, na wa ndani hahitaji kitu mfukoni.

Mzee atajibu papo hapo: mwizi atapitisha mkono katikati ya nondo, ageuze kishikio. Ana haki ya kusema hivyo, na ndiyo maana fundi wa kuchomelea ameitwa kabla ya barua. Kinachotakiwa ni kipande cha shiti ya chuma kinachochomelewa kwenye geti kuzunguka kitasa, kikubwa kiasi kwamba mkono uliopitishwa pembeni yake haufiki kwenye kishikio. Pima mkono wa kijana mrefu, kutoka kwapani hadi ncha ya vidole, uongeze kidogo. Kama geti ni jembamba, shiti ifunike lote. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi mwenye mashine yake. Bei ikiandikwa na kuambatanishwa, ombi lako linakuwa ombi la kiasi fulani cha fedha, na mwenye nyumba anajua kulijibu. Wapangaji mkikubaliana kuchangia, sawa, lakini msikate kwenye kodi kabla hajakubali kwa maandishi. Mpangaji aliyekata kodi kwa uamuzi wake amempa mwenye nyumba hoja nyingine kabisa ya kuzungumza.

Kuna mtego katika ununuzi. Muuzaji asiyeelezwa vizuri atatoa kitasa chenye tundu la ufunguo pande zote mbili, kwa kuwa hicho ndicho wengi wanachokiita kitasa imara. Kikifungwa hicho, mmetoka kwenye kufuli mkaingia kwenye kufuli lingine lililofichwa ndani ya chuma. Mpangaji mmoja aende dukani pamoja na fundi. Wakirudi, watoke nje ya geti waangalie uchochoroni. Geti la aina hii hufunguka kuelekea nje, na kwa watu wanaokimbia ndivyo inavyotakiwa, lakini nimeona mageti yasiyo na kufuli hata moja yakiwa yamezibwa kwa nje na meza ya muuza chipsi, au na lundo la mchanga wa mtu anayejenga. Hilo halimhusu mwenye nyumba peke yake. Mnazungumza na kijana wa chipsi, na mnamwomba mwenyekiti wa mtaa awepo.

Suala la sahihi lina hofu ndani yake, na hofu hiyo ni ya kweli. Mtu aliyelipa kodi ya miezi sita hataki kuitwa kiongozi wa mgomo. Majina yaandikwe kwa mpangilio wa namba za nyumba, si kwa nani alikuja kwanza, na aliyeandika barua asiweke jina lake mahali pengine popote. Asiyetaka kusaini asisukumwe. Kumi kati ya kumi na mbili wanatosha, na mwenye fremu mmoja akikubali kusaini, barua inapata uzito ambao wapangaji wa juu hawawezi kuipa, maana mali yake ndiyo iliyo chini.

Toeni nakala mbili. Wapeleke watu wawili, mmoja wao awe mtu mzima ambaye mzee anamheshimu, na nakala ya pili irudi na neno "nimepokea", tarehe na sahihi. Kama mwenye nyumba anaishi mbali na kazi zake anazifanya msimamizi, msimamizi asaini kwa niaba yake, kisha picha ya barua yote itumwe kwa mwenye nyumba mwenyewe kwenye simu siku hiyohiyo. Wasimamizi wengi ni watu wema, lakini ndio wanaokusanya kodi ya ile stoo.

Barua ya kwanza haina haja ya vitisho wala nakala kwa ofisi yoyote. Mpe nafasi ya kufanya jambo jema bila kushurutishwa. Baada ya tarehe mliyoiandika, pita tena usiku, si mchana. Kufuli linalotolewa asubuhi na kurudishwa saa nne usiku bado ni lilelile. Ukijibiwa kwa mdomo "nimelipokea, nitalifanyia kazi", andika siku na saa aliyosema hivyo, halafu tengeneza barua ya pili, fupi, yenye nakala kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa ofisi ya Zimamoto ya mkoa. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inawapa maofisa wa jeshi hilo mamlaka ya kuingia na kukagua majengo, na ukaguzi wa njia za kutokea ni kazi yao ya kila siku. Waombeni waje kukagua, msiwaombe waje kuadhibu. Ofisa akimwandikia mwenye nyumba nini kirekebishwe, ugomvi unakuwa umetoka mikononi mwenu. Namba yao ya dharura ni 114, na ibandikwe kila ghorofa ngazi ikishakuwa tupu, mahali ambapo mwanzoni palikuwa na marobota.

Siku fundi atakapomaliza, msimlipe sehemu ya mwisho ya fedha yake papo hapo. Subirini jioni. Zimeni taa za ngazi, mwombeni yule bibi wa ghorofa ya tatu ashuke taratibu akiwa ameshikwa mkono, kisha msimwelekeze kitu. Afungue geti mwenyewe, kwa mkono mmoja, bila ufunguo. Baada yake aje mtoto wa miaka minane afanye vilevile. Kishikio kikimshinda mmoja wao kwa ugumu au kwa urefu, fundi arudi kesho na mashine yake, na hela inayobaki ikae kwa mweka hazina wenu mpaka hapo.